Radhi ya kweli inabeba nini, na msamaha haufuti nini

Tuanze na kosa moja la kubuni. Mchambuzi wa takwimu ametumia wiki sita kukusanya data na kuandika ripoti. Anampa mwenzake wa ofisi aisome na kumpa maoni. Mwenzake anafuta jina la mwandishi, anaweka lake, kisha anaipeleka kwa mkurugenzi. Miezi miwili baadaye nafasi ya mkuu wa kitengo inapatikana, na anayepandishwa cheo ni yule aliyeipeleka ripoti. Mwandishi anakuja kuligundua jambo hilo kwa kuiona ripoti yake mwenyewe ikisambazwa kwa jina la mtu mwingine.

Nimechagua mfano huu kwa sababu kosa lenyewe halina utata, lakini kulirekebisha ni kazi ngumu. Ndani yake kuna kitu kilichochukuliwa, kuna mtu wa tatu aliyedanganywa ambaye bado anauamini uongo, kuna manufaa ambayo mkosaji anaendelea kuyafaidi kila mwisho wa mwezi, na kuna imani iliyovunjwa. Anayedhani neno "nisamehe" linatosha hapa hajauona ukubwa wa kilichotokea.

Mchukuaji akibanwa, ana njia tatu za kujibu, na watu huzichanganya kila siku. Mwanafalsafa J. L. Austin alizipambanua mbili za kwanza katika mhadhara wake wa mwaka 1956. Ya kwanza ni kuhalalisha: nakiri nilifanya, lakini kilikuwa kitendo sahihi. Mchukuaji angesema, kwa mfano, kwamba mwandishi alikubali ripoti itoke kwa jina la mkuu wa timu. Ya pili ni kutoa udhuru: nakiri kitendo kilikuwa kibaya, lakini lawama isiniangukie yote, kwani sikujua, nililazimishwa, au ilikuwa ajali. Mchukuaji angesema faili lilijaza jina lake lenyewe na yeye hakuona. Njia ya tatu ni kuomba radhi, nayo haina mahali pa kujificha: kitendo kilikuwa kibaya, na lawama ni yangu.

Njia mbili za kwanza si mbaya. Zikiwa za kweli, ni haki kuzisema. Kama kweli faili lilijaza jina lenyewe, hapakuwa na wizi, na mwandishi anachodai ni marekebisho tu. Tatizo huanza pale mtu anapoanza sentensi kwa kuomba radhi na kuimaliza kwa udhuru. "Nisamehe, lakini nilikuwa na msongo mkubwa na wewe mwenyewe ulichelewa kuisaini." Nusu ya kwanza inaipokea lawama, nusu ya pili inairudisha kwa aliyekosewa. Aliyekosewa husikia nusu ya pili, na hakosei kuisikia, kwa sababu hiyo ndiyo iliyobeba msimamo wa msemaji.

Maelezo ya sababu yana nafasi yake, ila si katika pumzi moja na radhi. Mwandishi huenda akauliza: "Kwa nini ulifanya hivi?" Hapo mchukuaji anaweza kujibu kwamba aliogopa kuachwa nyuma. Jibu hilo linaeleza kilichomsukuma bila kupunguza uzito wa alichofanya, na hasa limetolewa kwa sababu limeulizwa. Kipimo ni rahisi: je, baada ya maelezo, lawama imebaki ilipokuwa? Ikiwa imepungua, alichotoa ni udhuru.

Sasa, kwa nini kuipokea lawama kuna uzito kiasi hicho? Mwaka 1962 mwanafalsafa P. F. Strawson alitoa mfano mdogo unaosaidia. Mtu akikukanyaga mkono kwa bahati mbaya, maumivu yanaweza kuwa sawasawa na ya mtu aliyekukanyaga kwa dharau, lakini kinyongo utakachokuwa nacho kwa yule wa pili huwezi kuwa nacho kwa yule wa kwanza. Tofauti haiko mkononi. Iko katika kile kitendo kinachosema juu yako: kwamba wewe ni mtu wa kukanyagwa. Kosa, basi, lina hasara na lina kauli. Hasara ya mwandishi ni wiki sita za kazi, sifa na cheo. Kauli aliyotupiwa ni kwamba jasho lake ni mali ya yeyote mwenye ujanja wa kulichukua.

Hasara inaweza kulipwa na mtu yeyote, hata mwajiri au kampuni ya bima. Kauli hairudishwi na mwingine. Anayeweza kuifuta ni yule aliyeitoa, kwa kusimama mbele ya aliyekosewa na kusema kwamba ilikuwa ya uongo na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeisema. Ndiyo maana malipo bila radhi huwaacha watu na kinyongo hata fedha zikiwa nyingi, na ndiyo maana radhi anayoitoa mtu asiyehusika haiponyi kitu. Ndiyo maana pia radhi isiyotaja mtendaji haifanyi kazi. "Makosa yalifanyika" ni sentensi isiyo na mtu ndani yake. "Samahani kama uliumia" ina mtu, lakini ni aliyekosewa, naye amegeuzwa kuwa tatizo: amekuwa mwepesi wa kuumia.

Maneno ya mchukuaji yangeweza kuwa hivi: "Ile ripoti ya matumizi uliiandika wewe. Nilifuta jina lako makusudi nikaweka langu, nikamwambia mkurugenzi ni kazi yangu. Nilijua nafasi ilikuwa inakuja. Nilikuibia, nikakudanganya kwa miezi miwili kila tulipozungumza. Kesho asubuhi ninampelekea mkurugenzi barua inayosema hivi hivi, na hii hapa nakala yake." Tazama yaliyomo. Kitendo kimetajwa kwa jina lake, wizi na uongo, hakikuitwa "kutoelewana". Makusudi yamekubaliwa. Uongo wa pili, ule wa kukaa kimya miezi miwili, umetajwa ingawa huenda mwandishi mwenyewe hakuwa ameufikiria. Marekebisho yana siku na yana ushahidi. Na halimo ombi lolote. Mchukuaji hajadai asamehewe.

Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Mwaka 2016 mtafiti Roy Lewicki na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu zaidi ya 700, waliosoma radhi zilizoundwa kwa vipande sita mbalimbali: kueleza majuto, kueleza sababu, kukiri wajibu, kutangaza kubadilika, kuahidi kurekebisha na kuomba msamaha. Kipande kilichoonekana kuwa na uzito kuliko vyote kilikuwa kukiri wajibu, kikifuatiwa na ahadi ya kurekebisha. Kilichokuwa na uzito mdogo kuliko vyote ni kuomba msamaha. Utafiti huo una mpaka wake: washiriki walisoma kisa cha mtu mwingine, hawakuwa wao waliokosewa. Lakini matokeo yake yanakubaliana na jambo ambalo hoja yenyewe inalionyesha. Kukiri ni kutoa. Kuomba msamaha ni kudai kitu kutoka kwa mtu ambaye tayari amechukuliwa kitu. Ombi likija mapema mno linamweka aliyekosewa kwenye kona: akikataa anaonekana katili, akikubali anakuwa amesema asichokimaanisha.

Unyofu wa radhi, kwa hiyo, hautafutwi kwenye machozi. Machozi yanaweza kuwa ya kweli na bado yasihusu kosa. Wachunguzi wa hisia za maadili hutenganisha aibu na hatia. Mwenye aibu anajitazama mwenyewe: mimi ni mtu gani, watu watanionaje? Mwenye hatia anakitazama kitendo na aliyeumizwa nacho. Aibu humsukuma mtu ajifiche, au alie mpaka aliyekosewa ndiye anayembembeleza. Ukiona radhi imeishia kwa mwandishi kumwambia mchukuaji "basi, usijisikie vibaya," ujue mzigo umehamishwa bega. Hatia humsukuma mtu kutengeneza, na hiyo ndiyo inayoonekana kwa macho.

Inaonekana wapi? Kwanza, katika hadhira. Marekebisho lazima yafike kila mahali uongo ulipofika. Mchukuaji akimwomba radhi mwandishi faraghani, huku mkurugenzi akiendelea kuamini ripoti ni yake, bado anaiba, kwa sababu kosa hili halikumalizika siku ripoti ilipopelekwa. Linatendeka upya kila siku uongo unapoachwa ukae. Kosa lililofanyika mbele ya watu kumi halitengenezwi na mnong'ono kwa mmoja. Kinyume chake ni kweli pia, na husahaulika: kosa la siri likiombewa radhi hadharani bila ridhaa ya aliyekosewa, siri yake imefichuliwa, naye ameumizwa mara ya pili.

Pili, katika gharama. Radhi isiyomgharimu mkosaji chochote haithibitishi kitu. Mchukuaji anayempelekea mkurugenzi barua anahatarisha cheo, na pengine kazi. Je, ni lazima akiachie cheo? Nadhani ndiyo, angalau akiweke mezani na kumwachia mkurugenzi uamuzi. Kubaki na kitu kilichopatikana kwa kosa huku ukilijutia kosa ni kujipinga. Wanaoona hilo ni kali mno wajiulize kama wangekubali majuto ya mtu aliyeiba baiskeli na bado anaipanda.

Tatu, katika muda. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliweka kipimo ambacho sijaona kikishindwa: mtu ametubu kikamilifu pale anapokutana tena na nafasi ile ile ya kutenda kosa, akiwa na uwezo wa kulitenda, na asilitende. Maana yake ni kwamba unyofu haujulikani wote siku radhi inapotolewa. Siku hiyo tunaweza tu kupima kama radhi imekamilika. Kama ni ya kweli, tutaiona pale ripoti nyingine itakapopita mikononi mwa mtu yule yule.

Anayesamehe anaacha nini

Tukivuka upande wa pili, kosa kubwa la kufikiri ni kudhani kwamba kusamehe ni kupunguza lawama. Ni kinyume. Kama mchukuaji hakuwa na hatia, hakuna cha kusamehe. Anayesema "si kosa lako" amekubali udhuru, hajasamehe. Anayesamehe anasema: kosa ni lako, lilikuwa baya kama linavyoonekana, nami nakiacha kinyongo na haki ya kulipiza ambayo kosa lako lilinipa. Wajibu wa mkosaji ndio ardhi ambayo msamaha unasimama juu yake.

Ndani ya neno hilo moja watu hufunga mambo matatu, na ugomvi mwingi wa baada ya kosa unatokana na kutoyafungua. Kuna kuachilia kinyongo. Kuna kurudisha uhusiano ulivyokuwa. Na kuna kufuta deni. Mwandishi anaweza kuachilia kinyongo na bado asimpe tena mchukuaji rasimu yoyote aisome. Huo si unafiki. Imani hujengwa na ushahidi, na ushahidi haujapatikana bado. Anaweza pia kuachilia kinyongo na bado kudai jina lake lirudishwe kwenye ripoti. Anayemwambia "si umeshasamehe, mbona bado unadai?" amechanganya moyo wa mwandishi na haki yake.

Maulamaa wa Kiislamu wameliweka jambo hili wazi kwa muda mrefu. Imamu Nawawi, wa karne ya 13, anataja masharti matatu ya toba kwa kosa lililo baina ya mja na Mungu wake: kuliacha, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likiwa na haki ya mtu ndani yake, kunaongezwa sharti la nne: kumrudishia mwenye haki haki yake, na ikiwa ni mali, irudishwe. Majuto ya ndani kabisa hayalifuti sharti hilo la nne. Aliyekosewa peke yake ndiye anayeweza kulifuta deni lake, na hata yeye halazimiki.

Kwa kuwa kinyongo ni chake na deni ni lake, msamaha hautolewi na mtu mwingine kwa niaba yake. Mkurugenzi anaweza kumsamehe mchukuaji kwa kumdanganya yeye mkurugenzi. Hawezi kumsamehe kwa kumwibia mwandishi. Jamaa na wakuu wa kazi wanaoharakisha suluhu ("mmeshaombana radhi, peaneni mikono, yaishe") mara nyingi wanatoa kwa ukarimu kitu kisicho chao, na shinikizo lao linamwangukia aliyekosewa kama kosa jipya.

Je, mtu anaweza kusamehe bila kuombwa radhi? Anaweza, na wapo wanaofanya hivyo ili wasiishi na hasira ya mtu ambaye hatakuja. Lakini hapo kilichotengenezwa ni nusu. Aliyekosewa amepumua, kauli ya kosa bado imesimama kwa sababu mwenye kauli hajaifuta, na wajibu wa mkosaji hauna hata chembe iliyopungua. Vivyo hivyo, mwandishi akikataa kusamehe, mchukuaji hapati ruhusa ya kuacha. Barua kwa mkurugenzi, jina kwenye ripoti na kukiachia cheo vilikuwa deni kabla ya radhi, na vinabaki kuwa deni baada ya kukataliwa. Mkosaji anayeacha kurekebisha kwa sababu hakusamehewa ametuonyesha kwamba alikuwa akinunua msamaha.

Majuto bila dhima: tamko la 6 Juni 2013

Utengano huu wa majuto, malipo na wajibu unaonekana vizuri katika tukio moja la hadhara. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kuzungumzia waliofungwa na kuteswa nchini Kenya wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950. Alisema serikali yake inatambua kwamba Wakenya waliteswa na kutendewa vibaya na utawala wa kikoloni, na kwamba inasikitika kwa dhati kuwa ukatili huo ulitokea. Alitangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani yake. Katika tamko hilo hilo alisema serikali inaendelea kukana dhima kwa matendo ya utawala wa kikoloni.

Lipime kwa vipimo vya juu. Ukweli umetajwa: mateso yameitwa mateso, na hilo halikuwa jambo dogo kwa watu waliokuwa wameitwa waongo kwa miaka 50. Fedha zimetolewa, ingawa ukigawa jumla yote hata kabla ya kuondoa gharama, hazifiki pauni 3,810 kwa mtu. Majuto yametajwa. Kilichozuiliwa ni kile kile ambacho utafiti wa 2016 ulikiona kuwa na uzito kuliko vyote: kwamba ni sisi, na lawama ni yetu. Ukatili "ulitokea". Tamko lilitambua mateso na kulipa, likaiacha kauli ya kosa bila mwenyewe wa kuifuta.

Utetezi wa kawaida ni kwamba waliokuwa bungeni mwaka 2013 hawakumtesa mtu. Kama watu binafsi, ni kweli, na hakuna aliyewadai hatia ya moyoni. Lakini serikali si watu wanaoikalia kwa zamu. Inaheshimu mikataba iliyosainiwa na waliokufa na inalipa madeni waliyokopa. Taasisi inayorithi mali na heshima ya jana inarithi na madai ya jana, na anayezungumza kwa niaba yake anaweza kukiri kwa niaba yake.

Utetezi wa pili ni wa kisheria: kukiri kutafungua mlango wa kesi nyingine. Hofu hiyo si ya kubuni, na baadhi ya sheria zimejaribu kuipunguza. Sheria ya Fidia ya mwaka 2006 ya Uingereza na Wales inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe. Nia ni njema, kwani inamruhusu daktari au kampuni kuzungumza kama binadamu. Lakini kinga hiyo ina bei yake. Radhi ambayo sheria imeitamka kuwa si kukiri inamtaka msikilizaji aamini kwamba msemaji anakubali lawama huku karatasi ikisema hakuikubali. Njia iliyo salama zaidi kwa taasisi ni kuipokea dhima kwanza, kuweka utaratibu wa fidia, kisha kuomba radhi juu ya msingi huo.

Na kuna upande wa tamko lile ambao radhi kamili isingeweza kuurekebisha. Wengi walioteswa walikuwa wamekwisha kufa kabla ya mwaka 2013. Watoto wao wanaweza kuombwa radhi, na wanaweza kusamehe yaliyowapata wao: kulelewa bila baba, ardhi iliyopotea, jina la familia lililochafuliwa. Hawawezi kusamehe mijeledi iliyompiga mtu mwingine. Kwa waliokufa zimebaki kazi zisizohitaji jibu lao, yaani kumbukumbu za serikali zifunguliwe, majina yaandikwe sawasawa, na yaliyosemwa kwa uongo juu yao yafutwe na taasisi ile ile iliyoyasema. Mnara uliozinduliwa Uhuru Park, Nairobi, mwezi Septemba 2015, kwa fedha za Uingereza, ni sehemu ya kazi hiyo. Sehemu nyingine, ya kukiri dhima, ilikuwa bado haijafanywa siku ulipozinduliwa.